Sentensi Inayokosekana katika Taarifa ya Barua ya Hadaa

Daktari wa hospitali ya rufaa anapopokea karatasi iliyoandikwa "mgonjwa anaumwa tumbo, naomba msaada", hana la kufanya nayo ila kuanza upya. Maumivu yalianza lini? Yako upande gani? Ametapika? Amepewa dawa gani kabla ya kupandishwa kwenye gari? Kila mhudumu wa afya anaijua kero hiyo, na wengi wamewahi kuilalamikia. Lakini mhudumu huyohuyo, siku anapopata barua pepe inayomtilia shaka, huwaandikia watu wa TEHAMA mstari mmoja unaofanana kabisa na ile karatasi ya rufaa: "Nimepata email ya ajabu, naomba muiangalie." Kisha huendelea na kazi, akiamini kwamba ametimiza wajibu wake.

Mstari huo si bure, kwa kuwa walio wengi huifuta barua wakanyamaza. Hata hivyo unakosa mambo kadhaa, na mojawapo lina uzito kuliko mengine yote yakijumlishwa. Nalo ni sentensi inayoeleza mtoa taarifa alifanya nini kabla hajashtuka: alibofya kiungo au hakubofya, alifungua kiambatisho au hakukifungua, aliandika nywila yake au hakuiandika. Katika historia ya mgonjwa, sentensi hiyo ni sawa na kusema kwamba mtu aliyeumwa na nyoka ameumwa kweli, si kwamba alimwona nyoka akipita. Tiba ya mmoja si tiba ya mwingine.

Gharama ya taarifa pungufu ilionekana wazi nchini Ayalandi mwaka 2021. Tarehe 16 Machi mwaka huo barua pepe ya hadaa ilitumwa kwa mfanyakazi wa huduma ya afya ya taifa, ijulikanayo kama HSE. Tarehe 18 Machi mfanyakazi huyo alifungua faili la Excel lililoambatishwa, na programu hasidi ikaingia katika kompyuta yake. Uchunguzi uliotangazwa Desemba 2021 uliipa kompyuta hiyo jina ambalo kila mtu wa afya ya jamii atalitambua: mgonjwa wa kwanza. Kuanzia hapo wahalifu walitembea ndani ya mtandao kwa muda wa majuma manane. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Mei walifunga mafaili ya nchi nzima kwa programu ya kudai kikomboleo. Mifumo ikazimwa, wagonjwa wa kliniki wakaahirishiwa miadi, na wahudumu wakarudi kwenye kalamu na karatasi. Ilifika mwezi Septemba ndipo seva zote zikahesabiwa kuwa zimefunguliwa.

Kinachostahili kutazamwa kwa makini ni zile siku za mwisho kabla ya tarehe 14. Dalili zilikuwapo. Programu ya kuzuia virusi ilikwisha kuona zana za wahalifu katika kompyuta ile ya kwanza tarehe 31 Machi, lakini ilikuwa imepangwa kuangalia tu bila kuzuia. Siku chache kabla ya shambulio, hospitali moja iliona shughuli za kutia shaka ikawasiliana na makao makuu. Mawasiliano yakafanyika, barua zikaandikwa, na hitimisho likatoka kinyume: ikadhaniwa kwamba uchafu ulikuwa unatoka hospitalini kuelekea makao makuu, kumbe ulikuwa unatoka makao makuu kuelekea hospitalini. Hospitali ile ilichukua hatua ikajikinga. HSE yenyewe haikuwahi. Kwa hiyo taarifa inaweza kutolewa kwa wakati, kwa nia njema na kwa mtu anayehusika, na bado isisaidie, iwapo haielezi bayana ni kitu gani kilionekana, kwenye mashine ipi, saa ngapi, na kikitokea wapi kwenda wapi.

Hayo yalikuwa ya nchi yenye wataalamu na fedha. Katika hospitali ya kawaida ya Afrika Mashariki, ambako kitengo cha TEHAMA kinaweza kuwa na watu watatu wanaotengeneza pia printa za maabara, taarifa yenye maelezo kamili huwaokolea saa ambazo hawana.

Chukua mfano wa muuguzi kiongozi wa kliniki ya wagonjwa wa nje. Ni Jumanne asubuhi, na kabla ya kuanza kliniki anafungua barua pepe katika simu yake. Kuna ujumbe kutoka "Idara ya Utumishi" unaosema kwamba akaunti za mishahara zinahakikiwa, na asiyehakiki kabla ya saa kumi jioni mshahara wake wa mwezi utachelewa. Anabofya. Ukurasa unafanana na ule anaoingilia katika barua pepe kila siku. Anaandika nywila, ukurasa unasema amekosea, anaandika tena. Unamwomba namba ya uthibitisho iliyotumwa katika simu yake, naye anaijaza. Mara anajikuta ndani ya barua pepe yake ya kawaida, kana kwamba hakuna kilichotokea. Robo saa baadaye anamuuliza mwenzake kama naye amehakiki, mwenzake anamtazama kwa mshangao, na tumbo la muuguzi linapata baridi.

Sasa anaandika. Aonapo haya, huandika ule mstari wa "email ya ajabu" na kuambatisha picha ya skrini ya simu. Picha hiyo haionyeshi anwani halisi ya mtumaji, kwa kuwa programu za barua katika simu mara nyingi huonyesha jina tu. Haionyeshi kiungo kinaelekea wapi, kwa kuwa kimefichwa nyuma ya kitufe kilichoandikwa "Hakiki Sasa". Afisa wa TEHAMA anaitazama, anakubali kwamba ni ulaghai, na anajibu kwa moyo safi: "Usibofye, ifute tu." Muuguzi anaifuta, na pamoja nayo unafutika ushahidi wote. Wakati huohuo mhalifu yumo ndani ya akaunti yake, na kazi yake ya kwanza pengine ni kuweka kanuni inayoficha majibu yatakayokuja, kisha kutuma barua ileile kwa wafanyakazi wengine kwa jina la muuguzi. Barua ya pili haitatiliwa shaka na yeyote, kwa maana inatoka katika akaunti ya kweli ya mtu wanayemfahamu.

Angeandika hivi, mambo yangekuwa mengine:

"Jumanne 4 Machi 2025, saa 07:52 kwa saa ishirini na nne, nilipokea barua pepe yenye kichwa 'Uhakiki wa akaunti ya mshahara'. Jina la mtumaji ni Idara ya Utumishi, lakini anwani ni utumishi@hospitali-malipo.example. Saa 08:05 nilibofya kiungo nikiwa katika simu yangu, kwa bando langu, si kwa mtandao wa hospitali. Niliandika nywila yangu mara mbili na namba ya uthibitisho mara moja. Sikupakua faili lolote. Nywila hiyo ninaitumia pia katika mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa. Saa 08:20 nilishtuka. Sijafuta ujumbe, nimeuambatisha ukiwa mzima. Sijabadilisha nywila bado. Wenzangu wawili katika kliniki wanasema nao wameupata. Napatikana katika namba ya ndani ya kliniki hadi saa 15:00."

Taarifa hii inaandikwa kwa dakika tano, nayo haina neno moja la kitaalamu. Hata hivyo kila sentensi inafungua mlango fulani. Anwani na kichwa cha ujumbe vinamwezesha afisa kutafuta katika visanduku vyote vya hospitali ni nani mwingine ameupokea, na kuutoa kabla haujasomwa. Habari ya simu na bando inamzuia kupoteza nusu siku akitafuta alama za ziara hiyo katika kumbukumbu za mtandao wa hospitali, ambako hazimo. Sentensi ya nywila na namba ya uthibitisho inamwambia kwamba kubadilisha nywila peke yake hakutatosha: aliyekwisha kuingia anaweza kubaki ndani hata baada ya nywila kubadilishwa, mpaka vipindi vyote vilivyo wazi vifungwe kwa nguvu na kanuni ngeni za kisanduku zisakwe na kuondolewa. Na ile sentensi ambayo wengi wangeona aibu kuiandika, kwamba nywila ni moja kwa mifumo miwili, ndiyo inayogeuza jambo la barua pepe kuwa jambo la siri za wagonjwa. Bila hiyo, afisa angefunga mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi.

Saa zinahitaji aya yake, kwa sababu ya mazoea yetu wenyewe. Mswahili anaposema "saa mbili asubuhi" anamaanisha 08:00, lakini mashine haijui hivyo, na afisa mchovu anayesoma "saa 2" anaweza kutafuta katika kumbukumbu za saa nane usiku. Aidha, mifumo mingi huandika saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Barua iliyoonekana katika simu saa 07:52 imeandikwa ndani yake 04:52. Mtoa taarifa hana haja ya kupiga hesabu hiyo. Anatakiwa tu kuandika tarehe na saa kwa mfumo wa saa ishirini na nne, kama anavyoandika muda wa kutoa dawa katika chati, na kusema kwamba ni saa za hapa.

Ujumbe "ukiwa mzima" nao unahitaji maelezo. Kila barua pepe ina sehemu isiyoonekana inayoeleza ilikotoka na ilikopitia. Mtu anapobonyeza kitufe cha kawaida cha kutuma kwa mwingine, sehemu hiyo haiendi; kinachokwenda ni maneno, na vichwa vipya vyenye jina la aliyetuma mara ya pili. Picha ya skrini nayo haina kitu hicho. Katika Gmail kwenye kompyuta, hufunguliwa vidoti vitatu vilivyo kando ya ujumbe na kuchaguliwa `Show original`, kisha `Download original`. Linapatikana faili lenye mwisho wa `.eml`, ambalo huambatishwa katika taarifa. Katika Outlook hutumika `Forward as attachment`. Afisa akilifungua, atakutana na mistari ya namna hii:

```
From: "Idara ya Utumishi" <utumishi@hospitali-malipo.example>
Reply-To: <uhakiki.leo@barua-bure.example>
Authentication-Results: spf=pass; dkim=pass
Date: Tue, 04 Mar 2025 04:52:10 +0000
```

Mstari wa tatu huwapotosha hata baadhi ya wajuzi. Neno `pass` halimaanishi kwamba barua ni ya kweli. Linamaanisha kwamba mwenye anwani iliyopo amekubali seva ile itume kwa jina lake, na mhalifu aliyejisajilia anwani yake mwenyewe, inayofanana na ya hospitali, hukubaliwa na mashine bila shida. Kinachomfichua hapa ni kile kiambishi "-malipo" katika anwani, pamoja na majibu kuelekezwa mahali pengine kabisa. Muuguzi hahitaji kuyajua haya. Anahitaji kuyafikisha yakiwa mazima kwa anayeyajua, kama vile anavyopeleka sampuli maabara bila kuipima yeye.

Wapo wanaopenda kufungua kiungo mara ya pili "ili kuhakikisha" kabla ya kutoa taarifa, na wengine hukibandika katika kundi la WhatsApp la wafanyakazi kwa nia ya kuonya. Yote mawili yanaeneza ugonjwa. Kiungo kikilazimika kuandikwa katika maneno, herufi zake za mwanzo hugeuzwa kuwa `hxxp` ili asiwepo wa kukibofya kwa bahati mbaya. Na iwapo mtu anashuku kwamba akaunti yake imeingiliwa, asitoe taarifa kwa akaunti hiyohiyo, kwani aliye ndani anaisoma. Apige simu, au aende kwa miguu, na ujumbe wenyewe aupeleke kama afisa atakavyomwelekeza.

Kama kilichofunguliwa ni kiambatisho katika kompyuta ya hospitali, kompyuta hiyo itengwe na mtandao: waya uchomolewe, Wi-Fi izimwe. Isizimwe kompyuta yenyewe, kwa kuwa baadhi ya nyayo za mhalifu zimo katika kumbukumbu ya muda ambayo hupotea umeme ukikatika. Lakini hapa busara ya kitabibu itangulie ya kompyuta. Mashine inayosimamia mgonjwa mahututi au kifaa cha maabara chenye vipimo vya damu vinavyosubiriwa theatre havichomolewi na mtu mmoja kwa uamuzi wake. Mwenye zamu hupiga simu, hueleza ni kifaa gani na kinamhudumia nani, na uamuzi hufanywa pamoja na kiongozi wa wodi.

Mpaka hapa ni mashambulizi kutoka nje. Aina ya pili ya tukio, ambayo huenda mhudumu akakutana nayo mapema zaidi, haina mhalifu kabisa: ni siri iliyomwagika kwa kidole kuteleza. Karani wa CTC anataka kumtumia mfamasia orodha ya wateja waliokosa miadi, na orodha inaangukia katika kundi la WhatsApp la kuchangia harusi. Mjini London, Septemba 2015, kliniki ya 56 Dean Street ilituma jarida lake kwa barua pepe kwa watu 781, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI, na anwani zote zikawekwa mahali ambapo kila mpokeaji aliziona za wenzake. Anwani nyingi zilikuwa na majina kamili. Mwaka uliofuata mamlaka ya ulinzi wa taarifa iliitoza taasisi husika faini ya pauni 180,000. Jambo la kusikitisha katika kisa hicho ni kwamba kosa la namna ileile lilikwisha kutokea mwaka 2010 kwa wagonjwa 17. Lilijulikana, hatua fulani zikachukuliwa, lakini wafanyakazi hawakupewa mafunzo mahususi ya kulizuia lisirudiwe.

Taarifa ya siri iliyomwagika ina maswali yake. Ni taarifa za aina gani: majina, namba za simu, namba za CTC, majibu ya vipimo? Za watu wangapi? Zilikwenda kwa nani, kwa njia gani, saa ngapi hadi saa ngapi? Nani amezifungua? Katika kundi la WhatsApp swali la mwisho lina jibu, ila kwa muda mfupi. Mtumaji akiubonyeza ujumbe wake kwa muda na kuchagua taarifa za ujumbe, ataona waliofikiwa na waliousoma. Mara akiufuta kwa wote, orodha hiyo hutoweka. Kwa hiyo, tofauti na barua ya hadaa isiyopaswa kufutwa, hapa mpangilio ni kupiga picha ya orodha ya waliosoma, kuandika saa, jina la kundi na idadi ya wanachama, kisha kuufuta papo hapo. Yote hayamalizi dakika moja. Kufuta nako kusihesabiwe kuwa tiba kamili, maana aliyekwisha kulipakua faili anaweza kuwa nalo bado, na taarifa iseme hivyo bila kujifariji.

Kuna kosa moja linalotendwa na watu waangalifu kuliko wote. Wakitaka kuthibitisha kilichovuja, huambatisha orodha ileile ya wagonjwa katika taarifa yao na kuituma kwa afisa wa TEHAMA, nakala kwa mganga mfawidhi, nakala kwa katibu wa hospitali. Siri iliyomwagika mara moja inamwagika mara nne. Taarifa itaje jina la faili, mahali lilipohifadhiwa, vichwa vya safu zake na idadi ya watu waliomo, bila jina la mgonjwa hata mmoja. Mwenye mamlaka ya kuliona atalifuata lilipo.

Haraka ya jambo hili haitokani na hofu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaitaka taasisi iijulishe Tume bila kuchelewa usalama wa taarifa unapokiukwa. Kenya, kwa sheria yake ya 2019, imeweka ukomo wa saa 72 tangu taasisi ijue. Karani anayekaa na jambo lake tangu Ijumaa hadi Jumatatu akisubiri ujasiri ameiachia taasisi yake muda mchache mno wa kujua hata idadi ya walioathirika.

Mgonjwa naye ana nafasi yake, tena mara nyingine yeye ndiye wa kwanza kujua. Anapopokea ujumbe wa simu unaomtaka atume fedha za "vipimo vya ziada", na ujumbe huo unataja jina lake, kliniki anayohudhuria na tarehe ya miadi yake, la kushtua zaidi ni kwamba mgeni anaijua tarehe hiyo. Fedha zinazoombwa ni la pili. Mgonjwa wa aina hiyo aifahamishe hospitali kwa namba ya simu anayoiamini, si ile iliyo katika ujumbe, na aeleze neno kwa neno mtumaji alijua nini na hakujua nini. Kama alijua tarehe ya miadi lakini akakosea jina la daktari, tofauti hiyo inaweza kumwonyesha mchunguzi ni daftari gani au mfumo upi uliovuja. Nchini Tanzania namba ya tapeli inaweza pia kutumwa kwenda 15040, lakini hatua hiyo inamshughulikia tapeli; haiiambii hospitali kwamba ina tundu.

Inabaki ile sentensi inayokosekana. Ni rahisi kusema kwamba wahudumu hawaiandiki kwa kutojua, na dawa yake ni semina. Ukweli ni kwamba wengi wanajua wamebofya, na wanajua kwamba lina maana. Wananyamaza kwa sababu wameona kilichompata aliyesema: jina lake kutajwa katika kikao cha asubuhi, barua ya kujieleza ndani ya siku saba, utani wa mwaka mzima. Madaktari wana uzoefu wa kutosha kuhusu jambo hili. Mgonjwa aliyekemewa kwa kutomeza dawa hajifunzi kumeza. Hujifunza kusema kwamba amemeza. Daktari akaongeza dozi, au akabadilisha dawa, kwa maelezo ya uongo aliyoyazalisha kwa ukali wake.

Ipo hoja ya upande wa pili, nayo ina haki ya kusikilizwa. Wakuu wa vitengo husema kwamba bila adhabu uzembe utazoeleka, na kwamba kuna mfanyakazi aliyebofya mara tatu kwa mwaka. Lakini wanachokijua ni kwamba mtu huyo amesema mara tatu. Waliobofya mara tano wakanyamaza hawamo katika hesabu yao. Adhabu ina mahali pake, kwa mtu aliyeuza orodha ya wagonjwa au aliyeficha tukio alilolijua. Aliyeandika "nilibofya saa 08:05, nikaandika nywila" ndani ya nusu saa amefanya jambo ambalo mashine za HSE zilishindwa kulifanya kwa majuma manane, na kama anatajwa kikaoni, atajwe kwa hilo.

Hospitali inayotaka taarifa za namna hiyo ina kazi ndogo ya kuanzia. Ibandike ukutani, kando ya simu ya kila wodi, namba moja inayopokelewa usiku na mchana, pamoja na maswali sita: nini, saa ngapi, kwa kifaa gani, ulifanya nini, kinagusa taarifa za nani, nani mwingine amekiona. Swali la nne liandikwe kwa wino uleule wa mengine, lisikolezwe wala kupigiwa mstari mwekundu. Na afisa anayepokea simu saa tisa usiku kutoka kwa muuguzi anayetetemeka sauti aanze kwa kumshukuru kwa kupiga, kisha aulize.